Ziwa, Kidonge na Tarehe: Mwongozo kwa Mama Anayeishi na VVU

Mwongozo huu ni wako, mama mjamzito au unayenyonyesha, uliyepo Bagamoyo mjini, Kaole, Mlingotini, Zinga, Kerege, Mapinga au huko juu kuelekea Saadani na Pangani. Msingi wake ni mmoja: kinachoamua kama mtoto wako atapata VVU ni wingi wa virusi ulio mwilini mwako, wala si ziwa lenyewe. Virusi vikifubazwa kwa dawa, maziwa yako yanakuwa chakula kilicho salama kuliko vyote unavyoweza kumpa mtoto katika mazingira yetu. Ndiyo maana ushauri wa kunyonyesha, wa kumeza dawa na wa kuhudhuria kliniki haugawanyiki: ukiacha mmoja, mingine miwili inapungua nguvu.

Kwa nini unaambiwa unyonyeshe

Bila dawa yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na akina mama wenye VVU, kati ya 15 na 45 huambukizwa, wengine tumboni, wengine wakati wa kuzaliwa, wengine kwa njia ya maziwa. Hofu ya ziwa ilianzia hapo, na haikuwa hofu ya bure. Lakini hesabu hiyo ni ya mama asiyetumia dawa. Jijini Dar es Salaam, utafiti ulioitwa Mitra Plus, uliochapishwa mwaka 2009, uliwapa akina mama dawa tatu za kufubaza VVU tangu ujauzito hadi mwisho wa miezi 6 ya kunyonyesha. Kati ya wiki ya 6 na mwezi wa 6, kipindi ambacho maambukizi mapya hutokana na ziwa, mtoto mmoja hivi kati ya 100 ndiye aliyeambukizwa. Baadaye utafiti mkubwa zaidi uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, pamoja na India, ulifuatilia zaidi ya akina mama 2,400 na watoto wao. Matokeo yake yalitoka mwaka 2018: baada ya mwaka mzima wa kunyonyesha, walioambukizwa walikuwa chini ya mmoja kati ya 100.

Huenda ukauliza: ikiwa hatari haijafika sifuri kabisa, si bora maziwa ya kopo, ambayo hayana virusi hata kimoja? Swali ni la haki, na lilijibiwa kwa gharama kubwa nchini Botswana. Serikali ya huko ilikuwa ikiwagawia bure maziwa ya kopo akina mama wenye VVU. Mwanzoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa ilinyesha, maji yakachafuka, ukazuka ugonjwa wa kuhara, na watoto waliojaa wodini na waliofariki walikuwa hasa wale wasionyonya. Kopo lilikuwa salama, ila maji ya kukorogea hayakuwa salama, na mtoto hakuwa na kinga anayoipata katika maziwa ya mama. Sasa tazama mwambao wetu wakati wa masika, visima vifupi vilivyo karibu na vyoo, maji ya chumvi, umeme unaokatika, na bei ya kopo moja linaloisha kwa siku chache. Wenzetu wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi walishauriwa kutumia kopo kwa sababu kwao maji safi hutoka bombani na huduma ya mtoto anayeugua iko karibu. Tangu mwaka 2023 hata Marekani miongozo yao inamruhusu mama ambaye virusi vyake vimefubaa kuamua pamoja na daktari wake kama atanyonyesha.

Huenda pia shangazi au dada aliyejifungua miaka ya 2000 akakuambia kwamba yeye alielekezwa aache ziwa mapema, mtoto akiwa na miezi michache tu. Hasemi uongo. Ushauri ulikuwa hivyo wakati ambapo mama wengi hawakuwa na dawa za kudumu. Tanzania ilipoanza mwaka 2013 kumpa kila mjamzito na kila anayenyonyesha mwenye VVU dawa za maisha yote, bila kusubiri augue, sababu ya kuharakisha kuacha ziwa iliondoka. Ushauri wa sasa ni huu: maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha vyakula vingine huku ukiendelea kunyonyesha hadi angalau mwaka mmoja. Unaweza kufika miaka 2 ukiwa unameza dawa zako sawasawa na kliniki ikikufuatilia.

Miezi 6 ya kwanza: maziwa yako, na dawa alizoandikiwa, basi

"Peke yake" maana yake si maji, si uji, si maziwa ya ng'ombe, si dawa ya mchango, si juisi. Kinachoruhusiwa ni maziwa yako, chanjo na dawa zilizoandikwa kliniki. Utumbo wa mtoto mchanga bado ni laini. Maji na vyakula huleta vijidudu na kuuchubua, na palipochubuka virusi hupata mlango. Watafiti wa Durban, Afrika Kusini, waliona jambo hili mwaka 1999, wakati dawa bado ni chache: watoto walionyonya tu waliambukizwa kwa kiwango kidogo kuliko wale waliochanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine. Zimbabwe nao walipata jibu hilo hilo. Na joto la pwani lisikutishe: maziwa ya mama yana maji ya kutosha, hata mwezi wa Februari. Mtoto mwenye kiu apewe ziwa, na mama ndiye anywe maji zaidi.

Tatizo kubwa la mwambao wetu ni kwamba mtoto mchanga ni wa ukoo mzima. Mama wengi hurudi kwao kujifungua, na katika zile siku arobaini bibi, shangazi na somo ndio wenye nyumba. Kuwakatalia ovyo huzua maswali usiyotaka kuyajibu. Jibu rahisi na la kweli ni kusema: "Nesi amesema mtoto yeyote asipewe kitu hadi miezi 6." Ni kweli kwa sababu ushauri huo hutolewa kwa kila mama Tanzania, mwenye VVU na asiye navyo, kwa hiyo haukutambulishi kwa lolote. Kama familia inataka kumtia mtoto tende kama ilivyo ada ya Waislamu, omba tende ilainishwe kwa maji yaliyochemshwa badala ya kutafunwa mdomoni mwa mtu, na iwe ya kupaka ufizi tu, mara moja. Asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu inayolegeza misuli ya mtoto mchanga.

Na ukirudi nyumbani ukakuta bibi keshampa maji, usiache kunyonyesha kwa hofu. Hili ni kosa la kawaida, na madhara yake ni makubwa kuliko yale maji yenyewe. Ukiwa unameza dawa na virusi vimefubaa, kuchanganyiwa kidogo si sababu ya kuacha ziwa. Rudi kwenye maziwa pekee siku hiyo hiyo, kisha mweleze muuguzi siku ya kliniki.

Mama mwenye shamba la mwani, kwa mfano pale Mlingotini, hulazimika kwenda baharini maji yakitoka wakati wa bamvua, na huenda asirudi kwa saa tatu au nne. Kwa kazi ya namna hiyo, au ya sokoni, fanya hivi:

1. Mnyonyeshe mtoto ashibe kabla hujatoka.
2. Nawa mikono kwa sabuni, ukamue maziwa kwenye kikombe kilichochemshwa, ukifunike.
3. Kiweke mahali penye kivuli na ubaridi. Kwa joto letu, yatumike ndani ya saa 4, yakibaki yamwagwe.
4. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe kidogo, si chupa. Chupa na chuchu yake ni vigumu kuvisafisha.
5. Ukirudi, oga au nawa kifua, kisha mpe ziwa mara moja ili maziwa yasipungue.

Akitimiza miezi 6, anza uji mzito, viazi vilivyopondwa, samaki aliyetolewa miiba, maharage, mboga na matunda, huku ziwa likiendelea. Ukifika wakati wa kumwachisha, umwachishe polepole katika muda wa mwezi hivi, ukipunguza mnyonyo mmoja baada ya mwingine. Kuacha ghafla hujaza matiti, huyafanya yavimbe, na humnyima mtoto chakula kabla hajazoea kingine.

> KISANDUKU: ZIWA LIKIUMA
>
> Chuchu iliyopasuka na kutoa damu, titi lililovimba likawa jekundu na lenye moto, au jipu, huongeza virusi na usaha katika maziwa ya upande huo.
>
> • Acha kumpa titi lenye jipu au linalotoa damu. Likamue na uyamwage maziwa hayo, lisijae.
> • Endelea kumnyonyesha kwa titi lililo zima.
> • Nenda kituoni siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.
> • Mtazame mtoto mdomoni. Utando mweupe usiofutika kwa kitambaa ni fangasi. Mtoto anahitaji dawa, na chuchu zako zote pia.
> • Kinga: mweke mtoto vizuri, mdomo ukiwa wazi na kushika sehemu kubwa ya weusi wa titi, si ncha ya chuchu tu.

Dawa zako: kidonge kimoja, saa ile ile

Mama wengi sasa hupewa kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kazi yake ni kuzuia virusi visizaliane. Hakiviui vyote, na ndiyo sababu dawa ni ya kila siku hata ukiwa huna dalili yoyote. Kwa dawa hii virusi vya mama wengi hushuka sana ndani ya miezi 3 ya mwanzo, na kwa hiyo kila wiki unayoanza mapema katika ujauzito ni wiki ya ziada ya kumkinga mtoto kabla ya siku ya kujifungua.

Chagua saa inayoendana na jambo usilosahau: adhana ya alfajiri, taarifa ya habari ya jioni, au wakati wa kufunga mlango. Ukiona usingizi unasumbua, imeze asubuhi. Ukisahau, meza mara utakapokumbuka, lakini ikiwa saa ya kidonge kinachofuata imekaribia sana, meza hicho tu. Usimeze viwili kwa pamoja ili kufidia. Ukitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, meza kingine. Mwezi wa Ramadhani haukulazimishi kukatiza dawa, kwa kuwa kidonge cha mara moja kwa siku huingia vizuri wakati wa futari au daku. Na dini yenyewe inamruhusu mjamzito na anayenyonyesha kula akihofia afya yake au ya mtoto.

Kuna jambo moja ambalo huharibu kazi ya dawa bila mama kujua. Wajawazito hupewa vidonge vya kuongeza damu, ambavyo vina madini ya chuma. Chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia hushikamana na dolutegraviri tumboni, dawa ikashindwa kuingia mwilini. Huna haja ya kuacha vya damu. Ama meza kidonge cha ARV na cha damu pamoja wakati wa kula chakula, ama meza cha ARV saa 2 kabla ya hicho kingine au saa 6 baada yake. Dawa za kiungulia usizichanganye na ARV hata kama unakula: tenganisha saa. Dawa za kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa nazo hupunguza nguvu ya dolutegraviri, kwa hiyo anayekutibu ugonjwa wowote aambiwe unatumia nini. Na kama unameza septrini kila siku, usipewe pia SP ya kuzuia malaria ya ujauzito, kwa kuwa dawa hizo mbili ni za jamii moja na zikikutana zinaweza kudhuru. Kinga yako ya malaria itakuwa hiyo septrini pamoja na chandarua chenye dawa.

Unaweza kujuaje kama dawa inafanya kazi? Si kwa kunenepa, wala kwa kuona ngozi imeng'aa, bali kwa kipimo cha wingi wa virusi. Jibu la chini ya nakala 50 kwa mililita ndilo tunalolitaka. Jibu la juu ya 1,000 maana yake virusi vinazaliana, na kwa mtoto anayenyonya hilo ni jambo la kushughulikiwa siku hiyo. Mjamzito na anayenyonyesha hupimwa mara nyingi kuliko watu wengine, kwa kawaida kila miezi 6. Kila ukienda uliza maswali haya matatu: "Nilipimwa lini? Jibu lilikuwa ngapi? Nitapimwa tena lini?" Karatasi ya jibu ikichelewa, ulizia. Kipimo kisichosomwa hakimkingi mtoto.

> KISANDUKU: DAWA ZIKIKATIKA
>
> Umesafiri na ndugu kwenye dago la uvuvi, au gari halikupatikana, na umekaa siku kadhaa bila dawa.
>
> 1. Nenda CTC iliyo karibu zaidi hata kama si yako. Kadi yako inatosha kukutambulisha, na ukiipoteza, eleza tu unapochukulia dawa.
> 2. Anza tena kidonge siku hiyo. Usione haya, wahudumu wamezoea.
> 3. Uliza kama mtoto arudishiwe dawa yake ya kinga kwa muda, na lini upimwe virusi.
> 4. Kabla hujafika kituoni, unaweza kuchemsha maziwa yako. Kamua kiasi cha nusu kikombe katika gilasi au mtungi wa kioo. Uweke ndani ya sufuria ndogo ya maji baridi, maji yapite maziwa kwa vidole viwili. Weka kwenye moto mkali. Maji yakitokota sana, toa mtungi papo hapo, upoe, umnyweshe mtoto kwa kikombe. Joto hilo huua virusi. Akina mama wa Dar es Salaam walishiriki utafiti wa njia hii, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012. Ni njia ya dharura, si ya kila siku.

Dawa za mtoto

Mtoto huanza dawa ya kinga mara anapozaliwa, au mapema iwezekanavyo. Akizaliwa nyumbani, mpelekeni kituoni haraka, bora siku hiyo hiyo. Mtoto ambaye mama yake amemeza dawa vizuri na virusi vimefubaa hupewa nevirapini ya maji mara moja kwa siku kwa wiki 6. Kipimo hufuata uzito wa kuzaliwa. Mwenye kilo 2.5 au zaidi hupata mililita 1.5. Mwenye kilo 2 hadi chini ya 2.5 hupata mililita 1. Aliye chini ya kilo 2 hupigiwa hesabu yake na muuguzi. Kama wewe ulianza ARV mwishoni mwa ujauzito, au umegundulika siku ya kujifungua, au virusi vilikuwa vingi, mtoto wako ni wa hatari zaidi. Yeye hupewa dawa mbili, kwa wiki 12. Hiyo si adhabu, wala haimaanishi kwamba ameshaambukizwa: anaongezewa kinga kwa sababu muda wako wa dawa ulikuwa mfupi.

Namna ya kumpa:

1. Tikisa chupa vizuri, kwani dawa hutuama chini.
2. Vuta kwa bomba lisilo na sindano hadi kwenye mstari uliowekewa alama na muuguzi. Usikadirie kwa kijiko.
3. Mwinue mtoto kidogo, elekeza bomba upande wa ndani wa shavu, sukuma polepole.
4. Mnyonyeshe baada ya hapo. Safisha bomba kwa maji safi, lianike.
5. Weka alama kwenye kalenda. Chupa ikibaki kidogo kabla ya tarehe, rudi kliniki, isiishe kwanza.

Kuanzia wiki ya 6 ataanza septrini ya kila siku, inayomkinga na nimonia na magonjwa mengine. Hii humezwa hadi ithibitike kwamba hana VVU na ameshaacha ziwa. Kosa linalorudiwa sana ni kuiacha baada ya jibu la kwanza kuwa zuri. Jibu la kwanza ni la siku ile, na mtoto bado ananyonya. Akitokewa na vipele vingi vinavyochubuka au macho ya manjano, mpeleke haraka na chupa zake zote.

Tarehe za kliniki, kwa mfano uliopigiwa hesabu

Vipimo vya mtoto huwachanganya wengi. Kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, kile ulichopimwa wewe, hutafuta askari wa mwili wanaopambana na VVU. Askari wako walivuka kwenda kwa mtoto kabla hajazaliwa na huweza kukaa kwake hadi mwaka na nusu. Kwa hiyo kabla ya miezi 18 kipimo hicho kinaweza kusema "ana" wakati mtoto hana. Ndiyo sababu mtoto mdogo hutolewa matone ya damu kisiginoni, yakakaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara, au yakapimwa kwa mashine hapo hospitalini. Wahudumu hukiita kipimo cha DBS. Hicho hutafuta virusi vyenyewe. Mtu akijitolea kumpima mtoto wako wa miezi 4 kwa kipimo cha haraka ili "ujue moja", usiyumbishwe na jibu hilo.

Tuseme mtoto amezaliwa tarehe 3 Machi akiwa na kilo 3.1, na mama amekuwa akimeza dawa tangu mwezi wa tatu wa ujauzito. Ratiba yake itakuwa hivi:

• 3 Machi. Nevirapini mililita 1.5 inaanza. Ziwa ndani ya saa ya kwanza.
• 14 Aprili, wiki ya 6. Kipimo cha kisiginoni. Nevirapini inaisha, septrini inaanza. Chanjo za wiki ya 6.
• Wiki ya 10 na ya 14. Chanjo, uzito, septrini. Ulizia jibu la kipimo kama bado.
• 3 Septemba, miezi 6. Vyakula vinaanza, ziwa linaendelea. Mama anaulizia kipimo chake cha virusi.
• 3 Desemba, miezi 9. Kipimo cha pili cha kisiginoni, siku ile ile ya chanjo ya surua.
• 3 Juni ya mwaka unaofuata, miezi 15. Mama huyu anamaliza kumwachisha ziwa.
• 15 Julai. Wiki 6 tangu ziwa la mwisho: kipimo tena.
• 3 Septemba, miezi 18. Kipimo cha haraka cha kuhitimisha, siku ya chanjo ya pili ya surua. Kama hana, septrini inakoma.

Mama atakayenyonyesha hadi miaka 2 atasogeza mbele vile vipimo vya mwisho, maana hakuna jibu linalofunga hesabu mtoto angali ananyonya. Aliye katika kundi la hatari zaidi hupimwa pia siku ya kuzaliwa. Angalia jambo moja katika ratiba hii: wiki ya 6, miezi 9 na miezi 18 ni tarehe za chanjo za kila mtoto wa Tanzania. Jirani atakayekuona umepanda bajaji kwenda kliniki siku hiyo anaona mama anayepeleka mtoto chanjo, na ndivyo ilivyo.

Jibu likirudi kwamba mtoto ana VVU, hatua ya kwanza ni kuanza dawa siku hiyo, huku damu ya pili ikichukuliwa kuthibitisha. Usisubiri jibu la pili, wala usiache kunyonyesha. Watoto walioambukizwa wasipotibiwa huugua upesi sana katika mwaka wa kwanza, na zipo dawa zao zinazoyeyuka katika maji kidogo, zikitolewa bure kama zako. Kabla ya jibu hata kurudi, mlete mara moja akiwa na kuhara kusikokoma, kupumua kwa shida, homa, kushindwa kunyonya, degedege au uzito usioongezeka kwenye kadi.

Kama mwenzio hajui

Mama wengi huacha dawa si kwa sababu ya madhara yake bali kwa sababu ya mahali pa kuzificha. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali yako. Muuguzi hana ruhusa ya kumwambia mama mkwe wala mwenyekiti wa mtaa. Hata hivyo siri inayobebwa peke yako ndani ya nyumba ya watu kumi huchosha, na kidonge husahaulika pale panapokuwa na wageni. Ukiona inafaa, anza na mtu mmoja: mama yako, dada, au mwenzio akija nawe kliniki kupimwa pamoja, ambapo mshauri nasaha ndiye atakayezungumza kwanza. Kama unahofia kupigwa au kufukuzwa, sema hivyo waziwazi kliniki kabla ya kumwambia. Kwa muda huo hamisha vidonge kwenye chombo kisicho na sauti, chenye mfuniko na mbali na unyevu, watoto wasikifikie, na omba upewe dawa za miezi kadhaa ikiwa hali yako inaruhusu.

Orodha ya kukagua kabla hujatoka nyumbani siku ya kliniki

☐ Kadi yangu ya CTC na kadi ya kliniki ya mtoto
☐ Vidonge vilivyobaki, hata vichache, na chupa za mtoto
☐ Tarehe ya kipimo changu cha mwisho cha virusi na jibu lake
☐ Siku nilizosahau dawa, kwa ukweli
☐ Chochote mtoto alichopewa zaidi ya ziwa
☐ Safari inayokuja: naondoka lini, nakwenda wapi, nahitaji dawa za siku ngapi

Mtoto akihitimishwa kwamba hana VVU, faili lake linafungwa na septrini inaachwa. Lako halifungwi. Kidonge kinaendelea kila siku, kwa ajili ya kinga yako mwenyewe na ili mimba ijayo, kama utaitaka, ikukute virusi tayari vimefubaa tangu wiki ya kwanza. Mweleze muuguzi mapema unapopanga mtoto mwingine, akupime virusi kabla, au akupe njia ya uzazi wa mpango kama bado hujawa tayari.